Mikono, Sindano na Mrejesho wa Mwenza Katika Chumba cha Chanjo

Mrejesho wa mwenza ni maelezo ambayo mhudumu wa afya humpa mhudumu wa ngazi yake baada ya kumwangalia akifanya kazi kwa muda mfupi waliokubaliana. Ni tofauti na ukaguzi wa timu ya wilaya, unaoandikiwa ripoti na kupelekwa juu, na ni tofauti pia na mafunzo kazini, ambamo mmoja anajua na mwingine anajifunza. Wenza hubadilishana nafasi. Anayeangalia leo ataangaliwa wiki ijayo, na jambo hilo peke yake hupunguza ukali wa maneno kuliko kanuni yoyote ya adabu. Katika usafi wa mikono na uchomaji wa sindano mbinu hii ina faida nyingine, kwa kuwa makosa mengi ya kazi hizo hufanywa na watu wanaoijua kanuni vizuri. Ukimwuliza muuguzi ni lini anapaswa kusafisha mikono, atajibu sawasawa. Kinachomponyoka ni mfuatano wa mikono yake mwenyewe, na huo huonekana vyema zaidi na mtu aliyesimama pembeni.

Kanuni yenyewe ni fupi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilitaja nyakati 5 za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya tendo linalohitaji usafi wa hali ya juu, kama kuchoma sindano, baada ya hatari ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Mbili za kwanza humlinda mgonjwa asipate vijidudu, na tatu za mwisho huwalinda mhudumu na wengine ndani ya kituo. Mikono isiyo na uchafu unaoonekana hutakaswa kwa kitakasa mikono chenye alkoholi kwa sekunde 20 hadi 30. Ikiwa na uchafu au damu, huoshwa kwa maji tiririka na sabuni, na kazi yote hiyo huchukua sekunde 40 hadi 60. Tendo moja linaweza kutimiza nyakati mbili. Muuguzi aliyemaliza mtoto mmoja na kumwendea mwingine bila kugusa kitu katikati anahitaji kutakasa mara moja tu, kwa sababu "baada ya" wa kwanza na "kabla ya" wa pili vimekutana.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowasumbua watazamaji wapya. Kabla ya kumwangalia mwenzake, mtu anapaswa kujua nini kinavunja mfuatano na nini hakiuvunji. Kichupa cha chanjo na bomba jipya ni sehemu ya kazi ya kuchoma; kuvishika kwa mikono safi hakuharibu kitu. Rejista, kalamu inayozunguka chumba kizima, kitasa cha mlango na simu viko nje ya kazi hiyo. Mikono iliyotakaswa ikishika simu, kisha ikashika paja la mtoto, kutakasa kule kumeshapotea, hata kama kulifanywa kwa uangalifu na hata kama ni nusu dakika tu imepita.

Maandalizi ya kumwangalia mwenza hayahitaji mengi. Wawili hukubaliana siku, kazi itakayoangaliwa, na mambo yasiyozidi mawili au matatu yatakayofuatwa. Dakika 20 zinatosha. Fomu ya Shirika la Afya Duniani ya kuangalia usafi wa mikono imejengwa juu ya kipindi kama hicho, kinachoweza kuongezwa au kupunguzwa dakika 10 kulingana na kazi. Mtazamaji hutakasa mikono yake, huwaeleza akina mama kwamba wauguzi wanasaidiana kuboresha kazi, kisha husimama mahali anapoona mikono yote miwili bila kuzuia njia. Majina ya watoto na wazazi hayaandikwi. Wenza hukubaliana pia kuhusu neno la kusimamisha kazi, ambalo litaelezwa baadaye, na kwamba karatasi ya maelezo itabaki kwa aliyeangaliwa. Hilo la mwisho lisipotimizwa, yaani karatasi ikionekana mezani kwa mganga mfawidhi siku mbili baadaye, hakuna atakayekubali kuangaliwa tena katika kituo hicho, na wala hatalaumiwa.

Uandishi wa maelezo ndiyo nusu ya kazi, na ndiko mrejesho mwingi unakoharibikia. Mtazamaji aliyechoka huandika hukumu: "haraka mno", "hazingatii usafi", "anajitahidi". Jioni, maneno hayo hayamsaidii mtu, kwa kuwa hayasemi mkono uligusa nini. Maelezo yanayofaa huandikwa kwa vitenzi vya vitu vilivyoonekana, kwa mpangilio wa kutokea kwake, pamoja na namba ya mtoto. Mfano: "Mtoto wa 3. Ametakasa. Ameandika rejista. Simu. Amevuta dawa. Ameshika paja. Amechoma. Amerudisha kifuniko. Bomba kwenye sefti boksi. Ametakasa." Ni mistari mikavu, lakini kila swali litakaloulizwa baadaye lina jibu humo.

Chumba cha chanjo cha zahanati, siku ya kliniki ya watoto, kinatoa mfano mzuri wa kufuatilia jambo hili hadi mwisho. Muuguzi yuko peke yake mezani. Foleni ya akina mama imefika uwanjani. Juu ya meza kuna kibebea chanjo, boksi la mabomba, rejista na chupa ya kitakasa mikono, ambayo imewekwa kando ya rejista. Sefti boksi, kile kisanduku kigumu cha kutupia mabomba yaliyotumika, kiko juu ya kabati, hatua tatu kutoka kwenye kiti cha mama. Watoto waliopo wamekuja kwa sindano ya pentavalenti, chanjo inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na vijidudu vya Hib, na ambayo kwa kawaida hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mwenzake, mdogo wake kwa miaka kadhaa, amesimama karibu na dirisha na karatasi yake. Katika kipindi hicho anawaona watoto 6.

Kwa kila mtoto kuna nafasi mbili za kutakasa mikono. Ya kwanza ni kabla ya kuvuta dawa na kumshika mtoto. Ya pili ni baada ya kumchoma, kabla ya kugusa rejista. Haziwezi kuungana, kwa sababu uandishi wa rejista umeingia katikati. Jumla yake ni nafasi 12. Karatasi ya mtazamaji inaonyesha kwamba muuguzi ametakasa mara 7, ambayo ni sawa na asilimia 58.

Namba hiyo, ikitajwa ilivyo, haina msaada. Muuguzi atasikia kwamba amefanya nusu ya kazi, atakumbuka jinsi mikono yake ilivyokuwa ikinuka alkoholi asubuhi nzima, na ataamini kwamba mtazamaji amehesabu vibaya. Ikigawanywa, inaeleza jambo jingine kabisa. Baada ya sindano ametakasa kwa watoto 6 kati ya 6. Kabla ya sindano ametakasa kwa mtoto 1 kati ya 6, tena yule wa kwanza, kabla foleni haijaanza kwenda. Mgawanyo wa namna hii hukutwa mara nyingi katika wodi na kliniki: watu hukumbuka kusafisha mikono baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla. Hakuna ubaya wa moyo katika jambo hilo. Mkono uliogusa damu au nepi iliyolowa hujihisi mchafu. Mkono uliogusa kalamu haujihisi chochote.

Kwa upande wa sindano, yapo mengi ambayo muuguzi huyu ameyafanya sawasawa, na mtazamaji anayaandika kwa umahususi uleule. Ametumia bomba jipya kwa kila mtoto. Mabomba yenyewe ni yale yanayojifunga baada ya kutumika mara moja, ambayo tangu tamko la pamoja la Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA la mwaka 1999 ndiyo yanayopendekezwa kwa chanjo, na ambayo hayavuti dawa mara ya pili hata mtu akitaka. Amevuta dozi ya mililita 0.5 kwa mtoto mmoja mmoja, badala ya kujaza mabomba kadhaa na kuyapanga mezani yakisubiri foleni. Amechoma sehemu ya katikati ya paja, upande wa nje kwa mbele, sindano ikiwa wima kwenye ngozi kwa nyuzi 90. Mahali hapo pana msuli wa kutosha kwa mtoto mchanga na hapana mshipa mkubwa wa fahamu wa kujeruhiwa, kama ule upitao kwenye tako. Hakuvuta bomba nyuma kutafuta damu, jambo ambalo halihitajiki tena kwa chanjo na huongeza maumivu, wala hakukanda mahali alipochoma.

Tatizo ni moja, nalo limejirudia mara 4 kati ya 6: baada ya kuchomoa sindano, ameirudishia kifuniko kwa mikono miwili, ametembea hatua tatu hadi kwenye kabati, na ndipo akaitupa. Hiyo ni hatari kwake mwenyewe kwanza. Sindano ikipishana na mdomo wa kifuniko huingia kwenye kidole cha mkono wa pili. Baada ya kuchomwa kwa sindano yenye damu ya mtu aliyeambukizwa, uwezekano wa kupata virusi vya Ukimwi ni takriban 3 kwa kila 1000. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa mhudumu ambaye hajachanjwa, unaweza kufika 30 kwa kila 100 pale mgonjwa anapokuwa na virusi vingi. Dawa za kujikinga na virusi vya Ukimwi baada ya kujichoma zipo, ila zinatakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72. Kanuni ya sefti boksi imewekwa kwa ajili ya hili: kiwe karibu kiasi cha kufikiwa na mkono bila mtu kunyanyuka, bomba liingie bila kifuniko, na kifungwe kikifika robo tatu.

Kuna mambo mawili ambayo mtazamaji asiyejiandaa angeyaandika kama makosa wakati si makosa. La kwanza ni spiriti. Muuguzi hakupaka spiriti kwenye paja kabla ya kuchoma. Kwa chanjo, ngozi ikiwa safi spiriti haihitajiki. Ikiwa na uchafu, huoshwa kwa maji na sabuni. Ni kwa sindano ya dawa kwenye msuli au mshipa ndipo ngozi husafishwa kwa alkoholi ya asilimia 60 hadi 70, kwa sekunde 30, na kuachwa ikauke sekunde nyingine 30. La pili ni glavu. Mhudumu ambaye ngozi ya mikono yake haina jeraha hahitaji glavu kwa sindano ya kawaida ya msuli, na glavu zikivaliwa hazichukui nafasi ya kutakasa mikono. Kwa kweli huwa zinaongeza tatizo, kwa kuwa jozi moja huweza kupita watoto kumi bila aliyezivaa kuona shida. Mtazamaji anayekosoa jambo lililo sahihi hupoteza heshima ambayo angeihitaji kwa yale mawili ya kweli, kwa hiyo kusoma mwongozo wa kituo usiku wa kuamkia zoezi ni sehemu ya adabu ya kazi hii.

Yote hayo yanaweza kusubiri hadi foleni iishe. Yapo machache yasiyosubiri. Muuguzi akitaka kutumia bomba lililoanguka sakafuni, akigusa ncha ya sindano kwa kidole kisha akaendelea, akivuta kutoka kwenye kichupa kisicho cha chanjo iliyokusudiwa, au akichanganya chanjo ya unga kwa kimiminika kisicho chake, mtazamaji husema pale pale. Neno la kusimamisha kazi hutumika hapo. Linapaswa kuwa fupi na lisilomtisha mama aliyempakata mtoto, kwa mfano "Dada, subiri kidogo," kisha jambo lenyewe kwa sauti ya chini: "Hilo limegusa meza. Chukua jipya." Hakuna maelezo ya ziada mbele ya mama. Mtazamaji aliyenyamaza ili asimwaibishe mwenzake amemhifadhi mtu asiyestahili kuhifadhiwa kwa wakati huo. Katika mfano huu neno hilo halikutumika, na kurudishia kifuniko, ingawa ni hatari, kuliachwa hadi baadaye kwa uamuzi wa mtazamaji. Wengine wangesema afadhali angelisema mara ya kwanza alipoliona. Hoja yao ina uzito: hatari ilikuwa ya muuguzi mwenyewe, na ilijirudia mara tatu zaidi huku mwenzake akiandika.

Mazungumzo hufanyika siku hiyohiyo, wakati wote wawili bado wanakumbuka, mahali ambapo mhudumu wa usafi na akina mama hawasikii. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Aliyeangaliwa huzungumza kwanza. Swali la kufungulia liwe la wazi kiasi cha kumwezesha kutaja jambo mwenyewe, na mahususi kiasi cha kumweka kwenye kazi: "Dada, kwa wale watoto sita, ni hatua gani unaona ilienda kama ulivyotaka, na ni ipi ilikusumbua?" Mara nyingi mtu hutaja kosa lake kabla ya kuambiwa, na mtazamaji hubaki na kazi ndogo ya kuthibitisha. Safari hii muuguzi anataja kabati. Anasema miguu imechoka kwa kwenda na kurudi kutupa mabomba. Suala la mikono halimo katika jibu lake.

Mtazamaji anaanza na alichokiona kikienda sawa, na anakisema kwa ukamilifu uleule atakaotumia kwa makosa: "Kila ulipomaliza kuchoma ulitakasa mikono kabla ya kugusa rejista, kwa watoto wote sita. Na kila mtoto ulimvutia dawa yake wakati wake, hukujaza mabomba mapema." Sifa ya aina hii ina kazi. Inamwambia mwenzake ni nini asiache, na inaonyesha kwamba karatasi haikuletwa kutafuta makosa peke yake. "Kazi nzuri, dada" haifanyi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kisha anaingia kwenye jambo: "Nilichokiona kabla ya sindano ni hiki. Ukishaandika rejista, na mara moja ukishapokea simu, ulivuta dawa na kushika paja moja kwa moja. Ilikuwa hivyo kwa watoto watano, kuanzia wa pili."

Muuguzi anajibu kama ambavyo wengi hujibu: "Lakini mimi nilitakasa. Chupa ile nimeifinya asubuhi nzima."

Hapo mrejesho huweza kuvunjika, kwa kuwa wote wawili wanasema kweli. Mtazamaji akisema "hapana, hukutakasa", ubishi utahusu nani mwongo. Anachofanya ni kuiweka karatasi katikati na kusoma mstari wa mtoto wa 3 neno kwa neno: ametakasa, ameandika rejista, simu, amevuta dawa, ameshika paja. "Ulitakasa, tena vizuri. Rejista na simu vimeingia baada ya kutakasa na kabla ya mtoto." Muuguzi anauangalia mstari na kuona alipopoteza. Hakuna neno lililohusu tabia yake, wala bidii yake, wala umri wake kazini. Sentensi zote zina mkono, kitu na wakati, na mtu anaweza kuzikubali bila kujidharau.

Baada ya hapo swali linahamia kwenye sababu: "Unaonaje, ni nini kinachofanya kutakasa kwa mara ya pili kusahaulike?" Jibu liko mezani. Chupa ya kitakasa mikono iko kando ya rejista, kwa hiyo jicho huikuta wakati wa kwenda kuandika na kuiacha nyuma wakati wa kurudi kwa mtoto. Kuhusu sefti boksi, muuguzi ana maelezo ambayo mtazamaji hakuyajua: awali kilikuwa chini, kando ya kiti, hadi mtoto wa miaka miwili aliyekuja na mama yake alipojaribu kuingiza mkono. Ndipo kikapandishwa juu ya kabati. Kurudishia kifuniko kulianza wiki hiyo, kwa kuwa hakuna anayependa kutembea na sindano wazi kwenye chumba chenye watoto. Kosa lilizaliwa na tahadhari. Mtazamaji ambaye angetoa maagizo kabla ya kuuliza angesema "rudisha boksi chini", na angerudisha hatari ya kwanza.

Wanayokubaliana ni mawili. Sefti boksi kinawekwa juu ya meza, upande wa mkono unaochoma, na kiti cha mama kinahamishiwa upande wa pili, ili mtoto mkubwa aliyefuatana naye asikifikie. Chupa ya kitakasa mikono inahamia kando ya kibebea chanjo, mahali ambapo mkono unapita kila unapokwenda kuchukua dawa. Wazo la tatu linatoka kwa muuguzi mwenyewe: siku za kliniki kubwa, mhudumu mwingine akae kwenye rejista na kadi, yeye achome tu. Wazo hilo linabadilisha hesabu nzima. Asipogusa rejista, "baada ya" mtoto mmoja na "kabla ya" mwingine vinakutana, na watoto 6 wanahitaji kutakasa mara 7: moja kabla ya wa kwanza, tano katikati na moja baada ya wa mwisho. Ni mara 7 zilezile alizozifanya siku hiyo, safari hii zikiwa zimekaa mahali pake. Katika zahanati yenye wahudumu wawili jambo hilo haliwezekani kila siku, na wanaliandika kama litakalofanyika inapowezekana.

Jambo la mwisho lililo kwenye karatasi ni namna ya kutakasa. Muuguzi alikuwa akisugua viganja na migongo ya mikono kwa sekunde chache, akiacha vidole gumba na ncha za vidole, sehemu zinazosahaulika mara nyingi, ingawa ncha ndizo zinazoshika ngozi kando ya mahali pa kuchoma. Hili halielezeki vizuri kwa maneno. Mtazamaji anamwomba wafanye pamoja: kiasi cha kujaza kiganja kilichokunjwa, kama mililita 3, kisha viganja, migongo, katikati ya vidole, kila kidole gumba kuzungushwa ndani ya kiganja cha pili, na ncha za vidole kusuguliwa kwenye kiganja, hadi mikono ikauke yenyewe. Ikikauka kabla ya sekunde 20, dawa ilikuwa kidogo. Kipimo hicho mtu anaweza kujipima mwenyewe siku yoyote, bila kuangaliwa na mtu.

Katika mfano huu mtazamaji ni mdogo kuliko aliyeangaliwa, na katika vituo vingi vya Afrika Mashariki hilo si jambo dogo. Mdogo kumkosoa mkubwa kuna namna yake. Kumwita dada au kaka, kuanza na salamu kamili, kuomba ruhusa ya kusoma karatasi badala ya kuisoma tu, na kuuliza swali mahali ambapo rika lingetoa kauli, yote hayo hufungua njia. Tatizo huja pale heshima inapoficha jambo lenyewe. Kauli kama "dada, pengine wakati mwingine tungeangalia kidogo suala la mikono" ina adabu tele, na aliyeisikia hajui afanye nini kesho. Adabu hukaa kwenye salamu, sauti na swali. Sentensi ya alichokiona hubaki nzima, pamoja na namba yake. Mkubwa naye anapompa mdogo mrejesho huwa na kishawishi kingine, cha kugeuza dakika 10 kuwa somo juu ya mambo yote anayoyajua. Mambo mawili yanatosha kwa kikao kimoja.

Baada ya wiki moja au mbili mtazamaji huyohuyo hurudi kwa dakika 20 nyingine na kuangalia mambo yaleyale tu: kutakasa kabla ya sindano, na bomba kuingia kwenye sefti boksi bila kifuniko. Akiona kosa jipya lisilo la hatari, huliweka akiba. Katika kurudi huko kuna mtego unaojulikana katika tafiti za kuangalia watu kazini, nao ni kwamba mtu anayejua anatazamwa mara nyingi hufanya vizuri kuliko kawaida yake. Nafasi 12 kati ya 12 siku ya marudio ni habari njema kuhusu uwezo wa muuguzi na mpangilio wa meza. Kuhusu siku nyingine inasema machache.

Kwa siku hizo nyingine, chupa yenyewe hutoa ushahidi. Kliniki ya watoto 40 yenye muuguzi mmoja anayechoma na kuandika ina nafasi 80. Kwa mililita 3 kila mara, kitakasa mikono kitakachotumika ni mililita 240, karibu nusu ya chupa ya mililita 500. Kukiwa na mwandishi wa pembeni, ni mara 41, yaani mililita 123. Chupa iliyoanza siku ikiwa imejaa na kumaliza kliniki ya watoto 40 ikiwa imepungua kidogo tu haiwezi kuwa imetumika kwa nafasi zote, bila kujali fomu inasemaje. Mstari wa kalamu kwenye chupa asubuhi na mwingine jioni unatosha kwa kipimo hicho. Hakimtaji mtu, kwa hiyo wahudumu wote wa chumba wanaweza kukitazama pamoja. Vifuniko navyo husema: sefti boksi kinapofungwa kikiwa robo tatu, mabomba yenye vifuniko huonekana kwa juu bila mtu kuingiza mkono, na idadi yake ikipungua kutoka boksi hadi boksi, mpangilio mpya wa meza unafanya kazi.

Watoto 6 ni wachache mno kwa kumpima mtu au kumlinganisha na mwenzake wa zamu nyingine. Asilimia za kituo hutafutwa kwa kuangalia nafasi nyingi, kwa siku na zamu tofauti, na kazi hiyo ni ya kamati ya kinga na udhibiti wa maambukizi, ikiwa na fomu zake na bila majina. Karatasi ya wenza ikishatimiza mambo mawili yaliyoandikwa humo haina matumizi mengine. Aliyeangaliwa huihifadhi au huichana, na kipindi kijacho ni zamu yake kusimama dirishani.